UZI: Kampuni zinazosema zinaajiri watu wenye rekodi ya mahakama, mnajuaje kama wanamaanisha?

#1 Mwanaziwa
Wakuu habari za Jumapili. Niko Minnesota mwaka wa 11 sasa. Nina mdogo wangu wa miaka 31, mwaka 2019 alichukua simu kwenye duka alilokuwa anafanya kazi, thamani ikapita dola 1,000 basi ikawa feloni, yaani kosa kubwa. Jela hakwenda, alipewa probesheni ya miaka 3 na akaimaliza 2022 bila kosa hata moja.

Tangu hapo ni kubangaiza tu. Mwezi huu akaapulai kazi ya ghala, zamu ya usiku, kuendesha fokilifti. Websaiti yao imeandika kabisa kwamba wanawakaribisha watu waliopitia mahakamani. Fomu haikuuliza chochote, intavyuu ikaenda vizuri, wakampa ofa. Wakafanya bakgraundi cheki na Alhamisi wamemtumia imeili kwamba hawamchukui. Sasa hiyo ya kukaribisha watu ilikuwa ya nini? Mnazitambuaje kampuni za kweli na zile za mapambo? Naomba uzoefu wenu, dogo amekata tamaa hata kula hali.

#2 Kijana_Dallas
Pole kaka. Ila hao wamevunja sheria, kuna sheria ya kuondoa kile kiboksi cha "umewahi kuhukumiwa", kampuni hairuhusiwi kumkataa mtu kwa rekodi. Washtaki. Halafu 2019 hadi leo si mbali na miaka 7, ikifika 7 rekodi inafutika yenyewe hawataiona tena.

#3 MamaTuli
Pole sana mdogo wangu, mwambie ale. Mimi niko Brooklyn Park hapa hapa Minnesota, kazi za kutunza wazee, na kwetu huku ni tofauti kabisa, mwenye kampuni hata akikupenda vipi hana usemi, jina lako linaingizwa kwenye NETStudy 2.0 ya jimbo na jimbo ndilo linasema ndiyo au hapana. Nitarudi niandike, nipo zamu.

#4 Karani_wa_Zamani
Mwanaziwa, kabla hatujafika mbali naomba urudi uisome hiyo imeili ya Alhamisi neno kwa neno. Juu imeandikwa nini? Na je, wameambatisha ripoti yenyewe ya bakgraundi?

Nauliza kwa sababu nimekaa miaka 6 ofisi ya ajira ya kampuni ya usafirishaji, na nimeona watu wengi wakikosa kazi kwa kudhani barua ya kwanza ndiyo ya mwisho. Sheria ya nchi nzima inayosimamia hizi ripoti, FCRA, inamlazimu mwajiri anayetumia kampuni ya nje kufanya cheki atume barua mbili. Ya kwanza inasema tunafikiria kutokuchukua, hii hapa ripoti tuliyoiona, na hizi hapa haki zako. Baadaye ndiyo inakuja ya pili ya kukataa kabisa. Katikati pana nafasi ya mtu kusema. Wengi hawasemi, wanaona neno baya wanafunga simu.

@Kijana_Dallas hapo umechanganya vitu viwili. Minnesota kweli kampuni binafsi zilizuiwa kuanzia Januari 2014, lakini zilizuiwa kuuliza mapema tu. Wanatakiwa wasubiri mpaka wamekuita intavyuu, au kama hakuna intavyuu basi mpaka wamekupa ofa. Baada ya hapo kuuliza ruksa, na sheria hiyo ya kiboksi haisemi lazima wakuchukue. Na hiyo miaka 7 ya FCRA ni ya kesi ambazo hukuhukumiwa, kukamatwa tu kwa mfano. Hukumu yenyewe inaweza kuripotiwa hata baada ya miaka 20, isipokuwa majimbo machache kama California ambayo yamejiwekea ukomo wao wa miaka 7.

#5 Kijana_Dallas
Sawa mkuu nimesahihishwa, mimi niliambiwa hivyo na jamaa wa kanisani na yeye alisema kwa uhakika kabisa.

#6 Bukavu_Moja
Jambo wote. Miye niko Louisville. Yangu ilikuwa hivi, ejensi ya kazi walinikubali na wakasema rekodi yangu haina shida, waliijua yote niliwaeleza mwenyewe. Nikaanza Jumatatu kwa kiwanda, Jumatano nikipanga boksi supavaiza ananiita anasema usirudi kesho. Kumbe ejensi ina sheria yake na kiwanda kina sheria yake, na kiwanda hakitaki feloni ya ndani ya miaka 10. Ejensi hawakunidanganya kwa upande wao, ila hawakuniambia kwamba si wao wenye neno la mwisho. Siku 2 na nusu nilifanya, walinilipa. Lakini ile kutembea kutoka pale mbele ya wenzangu sijasahau.

#7 Mwanaziwa
@Karani_wa_Zamani nimemwambia anifowadie. Juu imeandikwa "Pre-Adverse Action Notice" na kuna PDF mbili, moja ripoti moja haki zake. Yeye hakufungua PDF. Inasema kama kuna kisicho sahihi awasiliane nao ndani ya siku 5 za kazi. Kwa hiyo si kukataliwa???

#8 Karani_wa_Zamani
Bado. Kama ni ya Alhamisi na leo Jumapili basi mmetumia siku moja tu ya kazi, Ijumaa. Fungueni ripoti. Angalia kesi imeandikwa feloni au misdimina, yaani kosa dogo.

Halafu nenda kwenye websaiti ya mahakama za Minnesota, MCRO, tafuta kesi yake, soma sehemu ya hukumu. Natafuta maneno haya: "Stay of Imposition". Mtu aliyepewa feloni ya kwanza ya wizi, hakwenda gerezani, akapewa probesheni, mara nyingi ndiyo hukumu anayopewa. Kama ni hiyo na alimaliza probesheni yake vizuri, kwa sheria ya Minnesota ile hukumu inahesabiwa kuwa misdimina, siyo feloni tena. Lakini kampuni za cheki mara nyingi zinachota data ya siku ya hukumu, haziangalii kilichotokea baadaye. Nimeona hii zaidi ya mara moja.

#9 Nuru_Chuo
Naingilia kidogo, nilisoma jambo la karibu na hili chuoni. Watafiti Agan na Starr walituma maombi ya kazi ya kubuni karibu 15,000 New Jersey na New York City, kabla na baada ya sheria za kiboksi. Kabla, kwa kampuni zilizokuwa na kiboksi, waombaji wenye majina ya kizungu waliitwa zaidi ya weusi kwa asilimia 7. Baada ya kiboksi kuondolewa tofauti ikapanda hadi asilimia 43. Yaani mwajiri akikosa kuuliza anakisia kwa jina. Ndiyo maana mimi kampuni kutokuuliza kwenye fomu hakunipi imani yoyote, haikuonyeshi moyo wao, ni sheria tu inawabana.

#10 Tanga_Mjini
Kwa hiyo dada unataka kiboksi kirudi?

#11 Nuru_Chuo
Hapana kaka Tanga, soma tena. Nasema mtu asiitumie fomu safi kama ushahidi wa kampuni nzuri. Kinachoonyesha ni wanachofanya baada ya kuiona rekodi.

#12 Nahodha_wa_Trela
Mimi kwenye matrela nawaambia ukweli, wengi wanaosema hawakuchukui kwa sababu ya sera yao, ni bima. Kampuni ndogo ya magari 8 inapenda kukuchukua, mwenye mali ni Msomali mwenzetu wa hapa hapa anakujua hadi nyumbani, lakini bima inaangalia rekodi yako ya kuendesha miaka 3 hadi 5 na ikisema hapana basi ni hapana. Nilipata kesi ya kuendesha nimelewa, leseni ya trela nikazuiwa mwaka 1, ya pili ingekuwa maisha. Niliporudi nikawa nauliza swali moja tu kwenye simu, bima yenu inataka miaka mingapi safi? Anayejua kujibu hapo hapo, huyo anaajiri watu kama mimi kweli, maana ameshauliza bima yake kwa ajili ya wengine. Anayesema "tunaangalia kila mtu kivyake" bila namba yoyote, nilikuwa napoteza wiki.

#13 Mwanaziwa
Nimepata. MCRO inasema "Stay of Imposition" na chini yake kuna tarehe ya 2022 ameachiliwa probesheni. Ripoti ya kampuni ya cheki imeandika FELONY THEFT, CONVICTED 2019, basi, hakuna kingine. Mikono inatetemeka.

#14 Karani_wa_Zamani
Vizuri. Sasa kazi ni mbili na zifanyike kesho asubuhi zote, si moja moja.

Moja, kampuni ya cheki. Anapinga ripoti kwa maandishi kupitia ukurasa wao wa kupinga, anaambatisha ukurasa wa mahakama. Wana siku 30 za kuchunguza. Ndiyo tatizo lenyewe, siku 30 ni nyingi, ghala halisubiri.

Kwa hiyo ya pili ndiyo muhimu zaidi, amwandikie mwajiri mwenyewe, yule yule aliyetuma imeili. Fupi. Ripoti mliyopata ina kosa, nimeipinga leo, nimeambatisha karatasi ya mahakama inayoonyesha nilimaliza probesheni 2022 na kwamba kesi sasa inahesabiwa misdimina, naomba mshikilie nafasi mpaka majibu. Asiandike hadithi ya maisha. Akiwa na barua ya bosi wa kazi aliyofanya baada ya 2019 aiweke, hiyo ina uzito kuliko barua ya mchungaji, mchungaji hajawahi kumwona akishika mali ya dukani.

Na asikane kosa. Kinachopingwa hapa ni daraja la kosa, siyo kwamba halikutokea. Nilishaona mtu anapoteza kazi aliyokuwa karibu kuipata kwa sababu aliandika "sijawahi kuiba" wakati hukumu ipo.

#15 Mwadilifu254
Mimi nashangaa mnavyohangaika, rekodi si inafutwa? Mkifuta ameshakuwa msafi hata kwa karatasi za uraia.

#16 Karani_wa_Zamani
Ndugu yangu hapo tafadhali uwe mwangalifu, mtu anaweza kuumia. Uhamiaji wa Marekani wanaihesabu hukumu hata kama mahakama ya jimbo imeifuta. Kwa mtu ambaye si raia, aongee na wakili wa uhamiaji kabla ya kugusa chochote. Na hata kwa kazi, ile sheria mpya ya Minnesota ya kufuta zenyewe iliyoanza Januari 2025 inagusa zaidi makosa madogo, kwa feloni nyingi lazima mtu aombe mwenyewe mahakamani na kuna miaka ya kusubiri. Swali la uzi huu ni wiki hii.

#17 Kisauni_Boy
Huku nyumbani Mombasa hatuna hata hiyo barua ya kwanza. Unalipa 1,050 kwa eCitizen, unapigwa alama za vidole, unasubiri cheti cha good conduct, na mwenye kazi ya ulinzi anakitaka siku ya kwanza kabla hajajua jina la babako. Binamu yangu alikaa ndani miezi 6 kwa kupigana, alitoka hajapata kazi ya cheti tena, anaendesha boda. Na ile sheria ya ajira ya 2007 inataja rangi, jinsia, dini, ulemavu, rekodi ya mahakama haimo kwenye orodha. Nyinyi mnajadili daraja la kosa, sisi hata nafasi ya kujibu hatujapata.

#18 Tanga_Mjini
Kisauni umenigusa. Lakini hapo boda binamu yako anajiajiri, pengine ni heri kuliko kumlilia mtu.

#19 Kisauni_Boy
Kaka boda si yake, ni ya mtu, na kila jioni anapeleka hesabu. Siyo kujiajiri huko.

#20 MamaTuli
Nimetoka zamu. Yangu nilisema nitarudi. Mwaka 2015 nilihukumiwa kwa kosa ambalo sitaliandika hapa, si la kuumiza mtu. Kampuni ya kutunza wazee ikanipokea kwa mikono miwili, wakaingiza jina, jimbo likaniandikia nimezuiwa. Makosa yamepangwa kwa miaka, mengine 7, mengine 10, mengine 15, mengine milele. Nililia. Kumbe ile barua ina ukurasa wa nyuma, unaweza kuomba wakuondolee zuio, kwangu walinipa siku 30 za kuomba. Bosi wangu alikaa na mimi jikoni kwangu saa 2 usiku tukaandika, nikaweka cheti cha mafunzo niliyofanya, barua za wazee wawili niliowatunza, na tarehe ya kumaliza kila kitu. Wakaniondolea, lakini kwa kampuni ile.

Ninachotaka kusema, kampuni hiyo haikuwa na tangazo lolote la kukaribisha watu wenye rekodi. Hakuna sentensi hata moja kwenye websaiti yao. Na kampuni nyingine niliyoijaribu kabla yake, yenye tangazo kubwa, ilipoona neno zuio ikanifuta siku hiyo hiyo, hata hawakuniambia kuna ukurasa wa nyuma.

#21 Nuru_Chuo
Asante mama. Hii ndiyo naiita kipimo, nani anakaa na wewe kwenye makaratasi.

#22 Bukavu_Moja
Mama amesema kweli, lakini bosi kama huyo ni bahati. Huwezi kutafuta bosi wa jikoni kwa Google. Mtu akitaka orodha ya kampuni afanye nini? Zile orodha za mtandaoni za kampuni zinazochukua feloni, miye nilipiga simu 14, nyingine hata hazikujua ziko kwenye orodha. Na zile za jina moja lenye maduka mengi, kila duka lina mwenyewe, makao makuu yanasema ndiyo na mwenye duka anasema hapana.

#23 Karani_wa_Zamani
Ni hivyo, hizo orodha wananakiliana miaka nenda rudi. Mimi nikiwa ndani, kilichokuwa kinatofautisha ni maswali ambayo mwombaji anaweza kuuliza kabla ya kutoa siri yake. Cheki mnafanya hatua gani? Mnaangalia miaka mingapi nyuma? Na ripoti ikija na kitu, nani anaisoma, nyie hapa au inaamuliwa na kompyuta ya kampuni ya cheki? Hilo la tatu ndilo kubwa. Kampuni nyingi zinaweka jedwali, wizi ndani ya miaka 7 inakuwa nyekundu, barua inaondoka yenyewe hakuna mtu aliyeisoma. Watu walioandika tangazo la kukaribisha ni ofisi ya matangazo, walioweka jedwali ni ofisi ya sheria, na hawajawahi kukaa chumba kimoja. Sidhani wanadanganya kwa makusudi.

EEOC, ofisi ya serikali ya Marekani inayosimamia ubaguzi kazini, tangu 2012 wanasema waangalie uzito wa kosa, muda uliopita na aina ya kazi. Jedwali haliwezi kufanya hiyo ya tatu vizuri.

#24 Nahodha_wa_Trela
Hapo kaka karani sikubaliani. Unawatetea. Wanajua kabisa. Wanaweka tangazo kwa sababu wanapata punguzo la kodi kwa kila feloni wanayemchukua, ile WOTC, hadi dola 2,400.

#25 Karani_wa_Zamani
Nahodha, WOTC nimeijaza mwenyewe. Lazima awe ameajiriwa ndani ya mwaka mmoja tangu hukumu au kutoka jela, na fomu 8850 iwe imetumwa ndani ya siku 28 tangu aanze kazi. Mdogo wake Mwanaziwa ana miaka mingi tangu hukumu, hawapati hata senti. Na kibali cha mpango wenyewe kilipitishwa hadi mwisho wa 2025. Punguzo hulipati kwa tangazo, unalipata kwa mtu aliyefanya kazi. Nadhani tangazo ni la uhaba wa watu, zamu ya usiku haijai.

#26 Nahodha_wa_Trela
Kama haijai mbona wamemwacha?

#27 Nuru_Chuo
Kuna kiwanda cha keki Greyston, kule Yonkers New York, wao waliamua kutokuuliza chochote, hakuna intavyuu wala cheki, unaandika jina kwenye orodha na zamu yako ikifika unaitwa. Wanaoka brauni zinazowekwa kwenye aiskrimu ya Ben & Jerry's. Hapo hakuna jedwali wala barua mbili. Lakini ni sehemu chache mno.

#28 Mwanaziwa
Wakuu samahani nimekaa kimya wiki mbili na zaidi. Alituma zote mbili Jumatatu ile ile asubuhi. Mwajiri alijibu Jumanne, mtu kabisa si mashine, akasema amepokea na watasubiri. Kampuni ya cheki ilirekebisha siku ya 16, sasa imeandikwa misdimina. Dogo akapeleka ripoti mpya. Jana wamejibu, nafasi ya usiku imeshachukuliwa wiki iliyopita, ila wamemweka kwenye zamu ya mchana itakayofunguliwa, hatarudia intavyuu.

Sijui nifurahi au nisifurahi.

#29 Nahodha_wa_Trela
Walisema watasubiri halafu wakajaza nafasi. Hiyo ndiyo picha yao.

#30 MamaTuli
Au ghala lilikuwa linahitaji mtu wiki ile na kampuni ya cheki ndiyo iliyochelewesha. Siku 16 zamu ikiwa tupu ni wenzake waliobeba. Mimi nisingemlaumu yule aliyejibu Jumanne. Mwanaziwa, hiyo zamu ya mchana wameandika tarehe?

#31 Mwanaziwa
Hapana mama, wameandika "itakapofunguliwa".

#32 Karani_wa_Zamani
Basi ajibu leo, ashukuru, na aulize mawili tu, inatarajiwa wiki gani, na je ile ofa ya mwanzo bado ipo au anaanza kama mwombaji mpya. Kama ofa bado ipo huenda wasifanye cheki tena. Hilo jibu la pili litawaambia mengi. Na asiache kuapulai kwingine, ripoti hii iliyorekebishwa ni ya kampuni moja ya cheki tu, nyingine zinaweza kuwa bado zina feloni. Atembee na ule ukurasa wa mahakama.

#33 Bukavu_Moja
Kwa hiyo kila kampuni ya cheki arekebishe peke yake? Hakuna mahali pamoja?

#34 Karani_wa_Zamani
Hakuna ndugu yangu. Kila moja na data yake.

#35 Kijana_Dallas
Kaka karani, swali la pembeni, Texas nako kuna hiyo ya feloni kugeuka misdimina? Jamaa wa kanisani anauliza.

#36 Tanga_Mjini
Yule yule wa miaka 7? 😄

#37 Kijana_Dallas
Ndiyo yeye, kumbe ilikuwa ni kesi yake mwenyewe.